Msimamizi kamsalimu mdogo wangu "mwanaharamu mzee": ni tusi au ni utani?

Mwana wa Uyole (mleta uzi)

Habari zenu wanajukwaa. Ninaleta jambo la familia ambalo limetugawa hapa nyumbani Uyole, nikiamini kwamba humu wamo waliofanya kazi ughaibuni.

Mtoto wa mama yangu mdogo, mwenye umri wa miaka 27, ni fundi wa mitambo ya dizeli. Mwaka huu alipata kazi katika karakana ya mgodi huko Australia Magharibi. Kila asubuhi hupuliza kipimo cha pombe getini, husikiliza kikao kifupi cha usalama, kisha kila fundi hutundika kufuli lake binafsi kwenye swichi kuu ya mtambo atakaoufanyia kazi, ili mtu mwingine asiweze kuuwasha wakati yeye yuko chini yake. Kufuli hilo lina kibao chenye jina na picha ya mwenyewe, na haruhusiwi mwingine kulifungua.

Siku ya tisa, akiwa amesimama kwenye safu hiyo ya makufuli, msimamizi wa karakana, mzungu wa makamo mwenye ndevu nyeupe, alimpiga begani mbele ya watu na kumwambia kwa sauti kubwa maneno ambayo kwa Kiswahili ni haya: "Habari yako, we mwanaharamu mzee?" Watu wote walicheka. Mdogo wangu hakucheka.

Ni lazima niseme jambo moja ambalo yule msimamizi hakuwa na njia ya kulijua. Mama mdogo alimzaa kijana huyu akiwa bado nyumbani kwa wazazi wake, na hakuolewa kamwe. Tangu darasa la kwanza alikuwa akiitwa neno hilo hilo uwanjani, na amewahi kurudi nyumbani na meno ya mtu mikononi kwa ajili yake. Kwa hiyo alidhani kwamba kuna mtu amesoma habari zake.

Kwa siku nne alikula chakula cha mchana peke yake ndani ya gari. Siku ya tano aliandika barua ya malalamiko kwa ofisi ya rasilimali watu. Msimamizi aliitwa, akahojiwa, akaomba radhi kwa maandishi. Tangu hapo anamsalimu mdogo wangu kwa jina la ukoo, pamoja na "bwana" mbele yake, na hutundika kufuli lake mwisho kabisa wa safu, mbali na la mdogo wangu. Wenzake nao hunyamaza anapoingia.

Alinipigia saa saba usiku, kwake ikiwa saa kumi na mbili asubuhi, akaniuliza: "Kaka, nimeshinda au nimeshindwa?" Sikuwa na jibu. Naomba mawazo yenu.

Kamwene Ipogolo

Pole kwa familia. Mimi ni Mhehe, na kwetu jambo hili lina jina lake, nalo ni utani. Nilipofiwa na baba mkubwa kule Kalenga, alikuja mzee mmoja Mngoni kutoka upande wa Songea, akaruka ndani ya kaburi likiwa bado linachimbwa, akalala chali humo na kumtukana marehemu kwamba alikuwa mchoyo na kwamba amekufa ili asimlipe deni la mbuzi. Hakutoka mpaka tulipomtupia noti za elfu tano. Mgeni asiyejua angemwitia polisi, ilhali wafiwa wote walicheka kwa mara ya kwanza tangu msiba uingie. Mzungu huyo ni mtani tu. Mdogo wako angemjibu kwa neno lililo baya zaidi, na wangekunywa chai pamoja.

Fundi wa Mwanjelwa

Nakubaliana na Kamwene, isipokuwa ninavyojua mimi utani wote ulitokana na misafara ya watumwa na pembe za ndovu, pale makabila yalipokuwa yakikutana njiani. Wazungu hawakuwa na misafara ya namna hiyo, kwa hiyo wao hawana utani, wana dharau. Hilo ni tusi.

Mwalimu Tosamaganga

Fundi, umesema nusu ya ukweli. Misafara hutajwa sana katika utani wa Wanyamwezi na watu wa pwani, lakini utani wa Wahehe na Wangoni unaelezwa kwa vita. Walipigana kati ya mwaka 1878 na 1882, hakuna upande uliomnyang'anya mwenzake nchi, na baada ya hapo uadui ukageuzwa kuwa ruhusa ya kutukanana bila kisasi. Adui wa jana ndiye mtani wa leo.

Kuhusu Australia, nimewahi kusoma kisa cha mchezo wa kriketi wa miaka ya hamsini. Nahodha wa Waingereza alikwenda kulalamika kwenye chumba cha Waaustralia kwamba mchezaji wao mmoja amemwita mwanaharamu. Aliyefungua mlango aliwageukia wenzake na kuuliza ni mwanaharamu yupi kati yao aliyemwita mwanaharamu huyu mwanaharamu. Kwa watu wanaosimulia kisa kama hicho kwa fahari, neno hilo limekwisha makali.

Mkinga wa Kariakoo

Samahani, naomba kufahamu mdogo wako alipitia wakala gani, na je, fundi wa magari madogo anaweza kuomba kazi hiyo? Nina shemeji yangu hapa amekaa tu.

Kamwene Ipogolo

Mkinga, watu wanajadili tusi, wewe umeshafungua duka.

Binti Makete

Wakubwa shikamooni. Ninaishi Adelaide, ninafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, na kwa kuwa neno hilo ninalisikia kila zamu, naomba niseme kidogo kwa kirefu.

Kwanza nimsahihishe Mwalimu kwa heshima. Kisa cha kriketi ni cha msimu wa 1932 na 1933, si miaka ya hamsini. Nahodha wa Waingereza alikuwa Douglas Jardine, na anayetajwa kujibu mlangoni kwa kawaida ni Vic Richardson, ingawa kila msimuliaji ana namna yake. Naomba mkitazame tena kisa hicho, kwa sababu hakisemi kwamba neno limekwisha makali. Katika sentensi ile moja, neno limetumika mara tatu kwa maana tofauti. Kwa wachezaji wenzake lilikuwa la mapenzi, kwa Jardine lilikuwa tusi halisi, kwani msimu ule walimchukia kwa kuagiza mipira irushwe miilini mwa wapigaji, na mwishoni lilikuwa ni jina la kosa lenyewe. Waliokuwa chumbani walitofautisha bila shida.

Wanatofautishaje? Mimi nilichukua karibu mwaka mzima kulisikia. Sikilizeni neno linaloandamana nalo. Wakisema mwanaharamu maskini, wanamhurumia mtu, pengine aliyevunjika mguu. Wakisema mwanaharamu mwenye bahati, wamemwonea wivu mwema aliyeshinda bahati nasibu. Wakisema mwanaharamu mzee, wanasalimia, na uzee huo hauhusu umri, ndiyo maana kijana wa miaka 27 ameitwa mzee. Lakini likitoka peke yake, kwa sauti ya chini, bila sifa yoyote, hasa likisemwa juu ya mtu ambaye hayupo, hapo ni tusi na huenda ngumi ikafuata. Kazini kwangu kuna babu wa miaka tisini na ushei ambaye kila asubuhi husukuma kiti chake cha magurudumu hadi mlango wa jirani yake na kuuliza: "Hujafa bado, mwanaharamu mzee?" Siku jirani alipofariki kweli, babu yule alikwenda mlangoni akakaa kimya mpaka tukamwondoa.

Jambo la pili ndilo lililonifanya niandike. Huku mtu akikukasirikia, anakuwa na adabu. Anakuita kwa jina kamili, anaweka bwana au bibi mbele yake, anaomba radhi kwa kila sentensi. Mleta uzi, salamu anayopewa mdogo wako sasa ndiyo iliyo mbaya.

Fundi wa Mwanjelwa

Dada Makete, shukrani, lakini sababu yake ni nini? Mimi nadhani ni kwa sababu nchi ile ilijengwa na wafungwa waliopelekwa na Waingereza kuanzia 1788. Watu waliotoka jela hawana adabu ya salamu, na wajukuu wameirithi.

Binti Makete

Kaka Fundi, meli ya mwisho ya wafungwa ilifika Australia Magharibi mwaka 1868, kwa hiyo kwa mgodi wa mdogo wetu hoja yako ingeweza kusimama. Lakini mimi niko Australia Kusini, jimbo lililoanzishwa 1836 kwa makusudi lisipokee wafungwa, na babu niliyemtaja amezaliwa hapa hapa. Anatukana vizuri kuliko wote.

Fundi wa Mwanjelwa

Huenda aliambukizwa na jirani.

Mzee wa Kyela

Marahaba Binti Makete, na wengine wote. Nimesoma taratibu, nami nina neno la kupunguza furaha.

Marehemu baba yangu alichukuliwa na Wenela kwenda migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini, kama walivyochukuliwa Wanyakyusa wengi kabla ya Uhuru, mpaka serikali yetu ilipoukata mtindo huo baada ya 1961. Huko walifundishwa Fanakalo, lugha ambayo karibu yote ni amri: leta hiki, shika kile, haraka. Baba alituambia kwamba msimamizi wao mzungu aliwasalimu kila asubuhi kwa kuwaita watoto, huku akitabasamu na kuwapiga mabegani, wakati baba alikuwa na wake wawili na watoto sita. Waliocheka walicheka kwa sababu aliyekuwa hacheki alipangiwa kazi ya chini zaidi. Tabasamu, kupigwa bega, kicheko cha watu: ishara zote alizozitaja mleta uzi zilikuwepo, na bado yalikuwa matusi.

Kwa hiyo mimi siulizi neno lina maana gani. Nauliza kama mdogo wako angeweza kumrudishia. Sisi Wanyakyusa marika walioishi kijiji kimoja walitaniana bila mpaka, tena kukaa na kula pamoja kwa namna hiyo tuliita ukwangala, na mtu aliyejitenga na wenzake alishukiwa kuwa na jambo. Lakini ilikuwa ni rika kwa rika. Mkwe wa kike hakukutana hata uso kwa uso na baba mkwe wake, sembuse kumtania. Msimamizi na fundi mgeni ni rika, au ni mkwe na baba mkwe?

Kamwene Ipogolo

Shikamoo Mzee wa Kyela. Hapo umenishika. Hata kwetu, Mngoni ananitukana nami namtukana, na haki hiyo tumeirithi wote wawili. Nikihamia kijiji kingine, ninauliza tu kabila la mtu na tayari najua nitamwambia nini.

Mwalimu Tosamaganga

Na hapo ndipo utani wetu na huo wao unapoachana, kwa maoni yangu. Sisi hatuchagui mtani, tumemkuta. Hata mtoto mchanga wa Kingoni ni mtani wa Mhehe, na mgeni anaweza kuelezwa kanuni hiyo kwa dakika tano. Kwao, kama nilivyomwelewa Binti Makete, hakuna anayezaliwa na haki ya kuitwa mwanaharamu mzee. Mtu anapewa. Mleta uzi, jambo gani lilitokea kabla ya siku hiyo ya tisa? Maana siku nane za kwanza, naona, hakuitwa hivyo.

Mwana wa Uyole (mleta uzi)

Mwalimu, swali lako limenifanya nimpigie tena. Nanukuu alivyonieleza, ingawa mwenyewe aliliona jambo dogo.

Siku ya nane kulikuwa na lori kubwa la kubeba mawe ambalo mfumo wake wa kunyanyulia bodi ulikuwa ukipoteza nguvu kila likipata joto. Walikuwa wameshabadilisha pampu bila mafanikio. Mdogo wangu aliomba liachwe linguruma kwa dakika arobaini, kisha akapima shinikizo sehemu kwa sehemu, akagundua kwamba vali ya kuachia shinikizo ilikuwa haifungi vizuri ikishapata moto, hivyo mafuta yakawa yanarudi tangini badala ya kunyanyua. Alivyoifungua alikuta mkwaruzo mwembamba kama uzi kwenye kikalio chake. Msimamizi alikitazama kile kipande, akakitia mfukoni, hakusema neno. Kesho yake asubuhi ndipo akamsalimu hivyo.

Jambo jingine ni kwamba katika wiki ya kwanza msimamizi huyo huyo alimwuliza salamu yao ya kawaida, ambayo ukiitafsiri neno kwa neno ni "unakwendaje?", na mdogo wangu akamjibu: "Kwa basi." Watu walicheka siku ile pia.

Kamwene Ipogolo

Kwa basi! Mkuu, hilo umelificha mpaka mchango wa kumi na nne?

Binti Makete

Nami nilijibu vivyo hivyo, nikataja na namba ya basi.

Lakini habari ya vali inaeleza mengi. Kile kipande mfukoni na ile salamu ni jambo moja. Watu wa karakana huku hawasifii mtu usoni, huona aibu kufanya hivyo, ndiyo maana sifa huvishwa tusi ili isiwe nzito. Alikuwa anamwambia mbele ya wote: huyu sasa ni wetu.

Fundi wa Mwanjelwa

Au alikuwa ameona wivu kwamba kijana mweusi kagundua kilichomshinda yeye, ndipo akatafuta neno la kumshusha mbele ya watu. Mimi pia ni fundi. Nimewahi kugundua kosa lililomshinda bosi wangu, karakana moja hapa hapa Mbeya, na sikupewa jina la utani, nilipewa barua.

Mzee wa Kyela

Fundi leo amesema kitu. Maelezo ya Binti na ya Fundi yote mawili yanaingia kwenye habari hiyo hiyo ya vali.

Wakili wa Njombe

Naomba kuongeza upande wa sheria, kwa kuwa hakuna aliyeugusa. Nchi ile ina sheria dhidi ya ubaguzi wa rangi tangu 1975, na tangu Januari 2014 mfanyakazi anaweza kwenda kwenye tume yao ya kazi kuomba amri ya kuzuia uonevu kazini. Uonevu huo unapaswa kuwa wa kurudiwarudiwa, usio wa busara, na unaohatarisha afya au usalama. Neno moja, mara moja, lisilotaja rangi wala asili ya mtu, ni vigumu kulifikisha huko. Lakini kijana alikuwa na haki ya kulalamika ndani ya kampuni, na nashangaa wengi humu mnamhukumu kana kwamba amekosea. Ofisi ingeweza kuwakutanisha wawili hao wakazungumza. Badala yake imechukua barua ikatoa barua. Kosa kubwa naliona hapo. Isitoshe, mfanyakazi wa viza ya kudhaminiwa akiachishwa kazi ana siku 60 tu za kutafuta mdhamini mwingine, kwa hiyo tayari anaishi kwa hofu.

Binti Makete

Wakili, ahsante. Siku 60 ni kanuni ya zamani. Tangu tarehe 1 Julai 2024 ni hadi siku 180 kwa mara moja, na zisizidi 365 kwa muda wote wa viza. Ila hofu umeitaja kwa haki. Hata siku 180 ni chache ukiwa umekopa nauli.

Na niongeze mpaka mmoja ili vijana wasije wakapotea kwa maneno yangu. Likitajwa rangi, dini, au mama wa mtu, huo si utani hata kama karakana nzima imecheka. Huku utani humlenga mtu mwenyewe: upara wake, timu yake, uvivu wake.

Kamwene Ipogolo

Lakini dada, mwanaharamu si ni kumtaja mama?

Binti Makete

Kwa Kiswahili ndiyo. Kwa Kiingereza cha huku mama ameshasahaulika ndani ya neno hilo. Kwa mdogo wetu hajasahaulika, na sidhani kama kuna maelezo yoyote ya kwangu yatakayomwondoa.

Mwalimu Tosamaganga

Basi afanye nini? Mimi ningependekeza amwendee msimamizi faraghani, amweleze kwamba kwao neno hilo lina maana yake kamili, na kwamba kwake lina historia. Hakuna haja ya kuomba radhi wala kudai nyingine.

Kamwene Ipogolo

Mimi ningemshauri amrudishie, mbele ya watu, asubuhi, kwenye makufuli. Amwite jina lolote. Kaburi halitoki mtu bila noti kutupwa.

Mzee wa Kyela

Akimrudishia na ikawa Fundi ndiye aliyesema kweli, je?

Mkinga wa Kariakoo

Nimefuatilia uzi wote sasa. Shemeji amesema hataki tena, anabaki Kariakoo, huku akitukanwa anajua ametukanwa.

Mwana wa Uyole (mleta uzi)

Ahsanteni wote. Nilimsomea michango yenu kwa simu, ikiwa ni pamoja na wa Mzee wa Kyela, ambao aliniomba niurudie. Alichagua njia ya Mwalimu, lakini kwa nusu tu. Jana mchana alimwendea msimamizi kwenye meza ya vipuri akamwambia kwamba kwao lile neno ni zito, na kwamba yeye binafsi hana baba. Habari ya mama mdogo hakuieleza zaidi ya hapo. Msimamizi alimsikiliza akiwa anafuta mikono kwa kitambaa, akafuta kwa muda mrefu kuliko mafuta yaliyokuwepo, kisha akasema kwamba naye hakumjua baba yake, akaondoka.

Leo asubuhi mdogo wangu alikuta kufuli la msimamizi limetundikwa jirani na pale anapotundika lake. Msimamizi alipita nyuma yake, hakusimama, akasema maneno mawili tu: "Bado upo?"

Ananiuliza alimaanisha nini, nami nawauliza ninyi.

Fundi wa Mwanjelwa

Alisema kwa sauti ya juu au ya chini?

Binti Makete

Na je, ndugu, alijibiwa?

Mwana wa Uyole (mleta uzi)

Sauti ya kawaida. Mdogo wangu anasema alimjibu: "Nimekuja kwa basi."